Kadi 214, majibu sita: mazungumzo ya bandani na wiki moja baada yake

*Swali: Tunauza mashine ndogo za kujaza na kufunga pakiti. Maonyesho yaliyopita tulirudi na kadi na majina 214. Baada ya wiki mbili tukawatumia wote ujumbe mmoja wenye katalogi. Wakajibu sita tu, na hakuna aliyenunua. Mwezi ujao tunaonyesha tena, Jumatano hadi Jumamosi, tukiwa watu watatu bandani. Tufanye nini tofauti?*

Kuchelewa kuliwaumiza, lakini hata mngetuma siku ya pili mngetuma ujumbe uleule kwa watu 214, kwa sababu hamkuwa na kingine cha kuandika. Kadi ina jina, cheo na namba ya simu. Haisemi mtu huyu anafungasha nini, anakwama wapi na mlimwahidi nini. Hayo aliyasema kwa mdomo wake mkiwa mmesimama naye, yakapotelea hapohapo. Kwa hiyo mwezi huu mna kazi mbili: kupanga mazungumzo yatakayoacha maandishi, na kutenga saa za kuyafanyia kazi maandishi hayo kabla hamjaondoka ofisini.

Nianze na hizo saa. Tuseme banda linakuwa wazi saa saba kwa siku. Siku nne ni saa 28. Wawili wanaongea na wageni, wa tatu anaendesha mashine au amepumzika, kwa zamu. Mazungumzo yenye maana huchukua kama dakika nane, na kuyaandika dakika mbili. Kwa mwendo huo mtu mmoja angemaliza wageni sita kwa saa, ila wageni hawaji kwa foleni iliyonyooka. Asubuhi mtakaa mkitazamana, mchana watajaa hadi njiani. Kadirieni nusu, yaani watatu kwa saa kwa kila mtu. Watatu mara watu wawili mara saa 28 ni wageni 168, na huo ndio ukomo wenu. Mkirudi na majina 400, ina maana mlikuwa mnakusanya kadi, hamkuwa mnaongea na watu.

Sasa angalieni upande wa pili. Katika hao 168, chukulieni 25 ni wa moto, 60 ni wa kati, na 83 ni wa baadaye. Mtu wa moto anataka kama nusu saa: ujumbe wake, bei ya maandishi na simu. Hizo ni saa 12 na nusu. Wa kati anahitaji dakika kumi za ujumbe unaomhusu yeye, jumla saa 10. Waliobaki wanatosheka na ujumbe wa pamoja uliogawanywa kwa aina ya bidhaa, na kuuandaa ni kazi ya saa mbili. Jumla ni saa 24 na nusu. Wakigawana watu wawili kwa siku tano, kila mmoja ana karibu saa mbili na nusu kila siku.

Ziandikeni saa hizo kwenye kalenda leo hii: Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki inayofuata, saa tatu asubuhi hadi tano na nusu, bila kikao wala safari. Bila kutengwa, zitaliwa na mambo mnayoyajua: mashine kurudishwa ghalani, barua pepe zilizolundikana, na mtu kuomba mapumziko kwa sababu amesimama siku nne. Mapumziko ni haki yake, ila apewe mmoja tu kati ya watatu, na huyo asiwe aliyeongea na wateja wengi zaidi. Anayesindikiza mizigo naye asihesabiwe katika wawili wa kufuatilia. Jambo la tatu husahaulika sana: yule mwenye ruhusa ya kukubali punguzo la bei lazima apatikane Jumatatu na Jumanne. Kazi nyingi hukwama hapo, ujumbe mzuri umeshaandikwa na bei inasubiri mtu aliye safarini.

Kabla ya kwenda, tayarisheni pia vile mtakavyotuma. Kwa biashara yenu vinatosha video tatu za chini ya dakika moja (mashine ikijaza unga laini, ikijaza punje, ikijaza kimiminika), jedwali la bei lililoidhinishwa, na fomu ya bei ya maandishi ambayo ni ya kujaza nafasi tu. Video ziwe nyepesi kiasi cha kufunguka kwenye simu yenye mtandao dhaifu. Katalogi nzima iacheni. Anayefunga pakiti za gramu 50 hatafuti mashine yake katika kurasa 60.

Mazungumzo yenyewe

Sentensi inayoua mazungumzo mengi bandani ni "Karibu, naweza kukusaidia?" Jibu lake liko tayari mdomoni mwa kila mgeni: "Naangalia tu." Anzeni na kitu cha kushika. Wekeni mezani pakiti mbili za unga za gramu 50. Moja iwe imefungwa sawasawa. Nyingine muifunge makusudi huku vumbi la unga limeingia kwenye mshono. Mpeni mgeni azibonyeze zote mbili kwa vidole. Ya kwanza itavimba na kukaza. Ya pili itatoa hewa pembeni, na unga kidogo utamtokea kidoleni. Vumbi likikaa kati ya kuta mbili za plastiki, kuta hazishikani vizuri hata kama taya za kufungia zina joto linalotakiwa. Anayefungasha unga anaitambua shida hiyo kabla hamjasema neno, na hapo swali lenu la kwanza linaingia lenyewe: "Nyie mnafungasha nini kwa sasa?"

Asiyefungasha chochote atasema hivyo ndani ya nusu dakika. Mwanafunzi, mpita njia na anayetafuta mfuko wa bure hujulikana kwa swali hilohilo, tena bila kudharauliwa. Mpeni kipeperushi, mshukuruni, mgeukieni mwingine.

Kwa anayefungasha, mnahitaji majibu ya mambo manne tu, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni bidhaa na uzito wa pakiti. Unga laini hujazwa kwa parafujo inayozunguka na kusukuma kipimo. Punje hujazwa kwa vikombe vya ujazo. Kimiminika kwa pampu. Mkikosea hapa, bei mtakayotuma ni ya mashine nyingine.

La pili ni pakiti ngapi kwa siku, na sasa hivi wanafungaje. Muulizeni kwa siku, kwa sababu ndivyo anavyohesabu yeye. Kasi kwa dakika mtaipiga wenyewe. Sehemu ya "mnafungaje" ndiyo itakayowaambia maumivu yako wapi: mkono unaochoka, uzito usiolingana, au mishono inayopasuka njiani.

La tatu ni umeme na nafasi. Fezi moja au fezi tatu? Wengi hawana uhakika, na si aibu. Andikeni "hajui" na mfanye hilo kuwa sababu ya kumpigia: atamuuliza fundi wake, nanyi mtapiga kupata jibu.

La nne ni lini, na nani. Msimuulize kama yeye ndiye mwenye uamuzi. Akiwa siye, mmemvunjia heshima. Akiwa ndiye, mmemtilia shaka. Semeni: "Mkifika kwenye kununua mashine, nani mwingine hukaa mezani?" Atamtaja mwenzake, fundi au mtu wa fedha, na mmepata jina la pili. Kuhusu fedha, tajeni ninyi kwanza kiwango cha chini na cha juu cha mashine za aina hiyo, kisha mnyamaze. Uso wake na maneno yake ya kwanza baada ya hapo yanatosha kuandikwa.

Kuna kosa ambalo hufanywa zaidi na wanaoijua mashine vizuri. Mgeni anasema "unga wa viungo", na fundi anaanza kueleza kipima joto, kihisi cha alama na aina za plastiki kwa dakika kumi. Mgeni anaitikia kwa kichwa, anachukua kadi, anaondoka, na kwenye karatasi hakuna kitu. Wekeni sharti kati yenu: hakuna kuieleza mashine kabla ya jambo la pili kujibiwa. Baada ya hapo elezeni kile tu kinachogusa alichosema. Aliyelalamikia mishono aonyeshwe namna unga unavyozuiwa kufika kwenye mshono. Aliyelalamikia uzito aone pakiti kumi zikipimwa mbele yake mfululizo.

Kufunga mazungumzo nako kunataka maneno yaliyoandaliwa, kwa kuwa hapo ndipo ahadi hupatikana. "Tutawasiliana" si ahadi. Ahadi ina kitu, siku na njia: "Jumatatu nakutumia video ya unga kama wako pamoja na bei. Jumanne nikupigie asubuhi au jioni?" Aseme yeye asubuhi au jioni, na mwandike akiona. Kisha msomeeni namba yake tarakimu moja moja na mumpigie bip hapohapo. Simu yake ikiita mkononi mwake, mmejiokoa na ile 1 iliyoandikwa kama 7, na namba yenu imebaki kwenye simu yake. Hifadhini jina lake pamoja na namba ya fomu.

Halafu mwachieni aende. "Nisikucheleweshe, bado una mabanda ya kuzunguka" ni neno la adabu, na linawapa dakika mbili za kuandika. Dakika hizo msizitoe kwa mgeni anayefuata, hata kama amesimama mbele yenu. Wa tatu amkaribishe na ampe zile pakiti mbili azibonyeze. Mazungumzo matatu yasiyoandikwa huchanganyika kichwani kabla ya saa kuisha, na mtamtumia mtu wa sukari bei ya mashine ya unga.

Fanyeni mazoezi ya saa moja kabla ya kusafiri, simu ikipima dakika nane. Mmoja awe mgeni, mwingine mwenye banda, wa tatu asikilize na kujaza fomu. Badilisheni wageni: mnunuzi halisi, mshindani anayechimba bei, na mtu mwenye hasira kwa sababu mashine aliyonunua kwingine ilimharibikia. Huyo wa mwisho msimruke. Mara nyingi ndiye mwenye kazi, umeme na fedha tayari. Anachotaka kusikia ni vipuri hutoka wapi na fundi hufika baada ya muda gani. Mkishindwa kujibu hayo mawili kwenye mazoezi, tafuteni majibu kabla ya safari.

Fomu

Chapisheni fomu ya nusu ya karatasi ya A4, yenye namba zinazofuatana kutoka 1, ngumu kiasi cha kuandikiwa mkiwa mmesimama. Nafasi zake ni chache: jina na simu (au kadi ibanwe hapo kwa stepla), bidhaa na gramu, pakiti kwa siku, umeme, lini, nani mwingine, ahadi yetu, herufi ya daraja, na jina la aliyeongea naye. Achieni mistari mitatu mitupu yenye kichwa "Maneno yake". Hapo andikeni alivyosema yeye, bila kutafsiri. "Dukani wananirudishia boksi zima" lina faida kuliko "ana tatizo la ubora", kwa sababu Jumatatu ndilo litakalomkumbusha kwamba mlimsikiliza.

Ongezeni kisanduku kimoja cha ruhusa: njia gani tumtafute, simu, WhatsApp au barua pepe, na kama amekubali kupokea habari nyingine za baadaye. Nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Ile ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika Mei 2018. Kumtumia mtu bei aliyoiomba ni jambo moja, kumwingiza kwenye orodha ya matangazo bila kumuuliza ni jingine. Ulizeni, wekeni tiki.

Waandaaji wakiwapa kifaa cha kusoma beji, kitumieni kwa majina na anwani. Hakiwaondolei fomu, na mtandao wa ukumbini hulemewa watu wakijaa. Andikeni namba ya fomu kwenye sehemu ya maelezo ya kifaa hicho ili baadaye viunganishwe.

Hivi ndivyo fomu moja iliyojazwa vizuri inavyosomeka. Ni ya mfano, tuiite namba 47, ya Alhamisi:

*Unga wa binzari ya manjano, gramu 50. Pakiti 3,000 kwa siku, wanafunga kwa mkono, watu sita. Fezi moja. Anataka kuanza ndani ya miezi miwili. Mwenzake ndiye wa fedha. Maneno yake: "Dukani wananirudishia boksi zima, mshono unaachia." Ahadi: video ya unga laini na bei Jumatatu, simu Jumanne asubuhi, yeye kuleta kilo 2 za unga wake tujaribu. WhatsApp. A.*

Hayo ni maneno machache tu, lakini ujumbe wa Jumatatu umeshajiandika nusu.

Jioni, dakika 20

Kila siku banda likifungwa, kabla ya kuondoka ukumbini, kaeni watatu na fomu za siku hiyo. Pigeni picha kila fomu, kwa sababu bahasha hupotea. Kisha mkubaliane herufi: A kwa wa moto, B kwa wa kati, C kwa wa baadaye. A apewe mwenye mambo matatu kwa pamoja: kazi ambayo mashine yenu inaiweza, muda wa ndani ya miezi mitatu, na ahadi yenye siku. Likikosekana moja, ni B. Wengine wote ni C. Tabasamu, suti na sifa kwa mashine yenu havimpandishi mtu daraja. Mkijikuta na A 60, msifurahi; someni tena zile fomu na mtaona nyingi hazina siku.

Usiku huohuo kila A apate ujumbe wa mistari miwili kutoka kwa aliyeongea naye: "Asante kwa kufika bandani leo. Video ya unga laini na bei nakuletea Jumatatu kama tulivyokubaliana." Bei isiwemo, wala kiambatisho. Ujumbe huo unaishikilia nafasi yenu wakati mgeni bado anazunguka mabanda ya washindani wenu, na unaonyesha mapema kama namba inafanya kazi. Ukigoma kufika, kesho yake bado mnaweza kuiangalia upya picha ya kadi.

Mwenye kompyuta aingize fomu kwenye jedwali la Excel, mstari mmoja kwa kila namba. Tarehe ya kufunga maonyesho iwekwe kwenye kisanduku L1 na daraja kwenye safu ya F. Safu ya tarehe ya kuanza kumfuatilia ijijaze yenyewe kwa fomula hii:

```
=IF(F2="A",$L$1+2,IF(F2="B",$L$1+4,$L$1+6))
```

Kwa kuwa mnafunga Jumamosi, A zinaangukia Jumatatu, B Jumatano na C Ijumaa. Kompyuta nyingine hudai nukta-mkato badala ya mkato kati ya sehemu za fomula. Ikikataa, badilisheni hilo kwanza. Kisha jazeni safu ya "mwenye kazi" kwa jina la mtu mmoja. Mkiandika "timu", hakuna atakayempigia.

Jumatatu hadi Ijumaa

Jumatatu na Jumanne ni za A. Tuichukue namba 47. Kabla ya kuandika, pigeni hesabu yake. Mashine ndogo ya wima inayofunga pakiti 30 kwa dakika itamaliza pakiti 3,000 kwa dakika 100. Ongezeni muda wa kubadili rola la plastiki, kusafisha na kurekebisha uzito. Hata jumla ikiwa muda wa saa tatu, bado siku yake ina nafasi ya kuzalisha mara mbili. Kwa hiyo mashine ndogo ya fezi moja inamtosha, na kumpelekea bei ya kubwa ni kumfukuza. Ujumbe unakuwa hivi:

*"Habari za asubuhi. Ni mimi wa banda la mashine za pakiti, tuliongea Alhamisi kuhusu mishono ya pakiti zenu za manjano inayoachia. Video hii ya sekunde 40 ni ya unga laini, gramu 50. Kwa pakiti 3,000 kwa siku, mashine ndogo ya fezi moja inawatosha na kuwabakizia muda. Bei yake nimeiambatisha kwenye ukurasa mmoja. Kabla hamjaamua, ningependa tujaribu na kilo 2 za unga wenu wenyewe. Kesho asubuhi nikipiga, mwenzako wa fedha naye anaweza kuwepo?"*

Mstari wa kwanza unamwambia ninyi ni nani, kwa shida yake na si kwa jina la kampuni yenu. Video na bei vinatimiza ahadi. Swali liko moja tu, mwishoni, na linajibiwa kwa ndiyo au hapana. Jaribio la kilo 2 si mapambo: unga wa kusaga hutofautiana kwa laini, unyevu na mafuta, na ule uliotiririka vizuri bandani si lazima utiririke kama wake. Msimwahidi ubora wa mshono kabla ya jaribio hilo.

Jumanne asubuhi pigeni, awe amejibu au la, kwa sababu ndivyo mlivyokubaliana. Asipopokea, pigeni mara moja tena jioni, kisha mwacheni ujumbe wa mstari mmoja unaotaja saa mtakayojaribu tena. Mara nne kwa siku moja ni usumbufu.

Jumatano na Alhamisi ni za B. Hapa msitume bei. B amekosa kitu kimoja kwenye fomu, na ujumbe wake unauliza kitu hicho tu: umeme wao ni wa fezi gani, au msimu wao wa kazi unaanza lini, au nani mwingine aonyeshwe video. Mwekeeni video inayofanana na bidhaa yake. Akijibu kwa kutaja muda na kukubali siku ya simu, amehamia A; mwingizeni kwenye orodha ya siku inayofuata.

Ijumaa ni ya C. Wagawanyeni kwa bidhaa, unga, punje na kimiminika, na kila kundi lipate ujumbe mfupi na video yake. Kama ni barua pepe, tumeni mmoja mmoja kwa kuunganisha majina kutoka kwenye jedwali, au tumieni huduma ya kutuma barua za wengi. Kuwarundika watu 80 kwenye nakala fiche kutoka anwani ya kawaida ni njia rahisi ya barua kuishia kwenye taka. Aliyekataa matangazo kwenye fomu aondolewe kabla ya kutuma.

Majibu yanavyosomwa

Mkijibiwa "Wewe nani?", mstari wa kwanza haukubeba kumbukumbu yoyote ya mazungumzo. Rudini kwenye "Maneno yake" mwandike upya. Wengi wakijibu "Bei tu", mmewatumia video bila bei watu ambao walishaahidiwa bei, au mmewaita B waliokuwa A. Mtu wa moto akinyamaza kabisa baada ya ujumbe na simu, tazameni nafasi ya "nani mwingine". Ikiwa tupu, huenda mliongea na aliyetumwa kukusanya bei, na njia ya kuendelea ni kumwomba jina la anayepelekewa. Bei zikichelewa kutoka kwenu, mwambieni mteja siku mpya kabla siku ya zamani haijapita. Mteja huvumilia siku mbili alizoambiwa kuliko nusu siku ya kimya.

Ijumaa mchana, saa ya mwisho ya kazi hii, pitieni jedwali zima na kila mstari upewe moja ya hali nne: jaribio limepangwa, bei inajadiliwa, apigiwe tarehe fulani, au ufuatiliaji wake umefungwa. A asiyejibu apangiwe ujumbe mmoja zaidi baada ya siku kumi, wenye kitu kipya, kwa mfano video ya unga mwingine unaofanana na wake, na mwingine baada ya mwezi. Akiendelea kunyamaza baada ya hapo, ashushwe kuwa C. Wekeni fomu za karatasi kwenye faili kwa namba zake. Mteja akipiga baada ya miezi mitano akisema "mimi ni yule wa manjano", mtu yeyote ofisini aweze kuitoa namba 47 na kuendelea naye pale mlipoishia.